Njia ya Mkato ya Kurudi Mombasa

Je, meli ikitoka Mombasa ikaenda upande mmoja, kisha ikageuka na kushika upande mwingine, nahodha hujuaje yuko maili ngapi kutoka alikoanzia, na aelekeze omo wapi ili arudi moja kwa moja?

Hujua kwa sababu vipande viwili vya safari yake ni pande mbili za pembetatu, na njia ya kurudi ndiyo upande wa tatu. Akishajua urefu wa pande mbili na pembe iliyo katikati yake, upande wa tatu hauna tena uhuru wa kuwa mrefu au mfupi apendavyo mtu, umekwisha kufungwa. Kazi iliyobaki ni kuipata hiyo pembe, na hapo ndipo wengi hukosea, wanafunzi wa sekondari na hata watu wazima wanaojua hesabu vizuri.

Tuchukue safari moja na tuifuate mpaka mwisho. Meli inaanzia nje ya mwamba, mkabala na lango la Kilindini. Mahali hapo tupaite M. Inashika majira, yaani mwelekeo wa safari, ya nyuzi 130 na kwenda maili 40 za baharini mpaka mahali pa kugeukia, G. Hapo inabadili majira, inashika nyuzi 060, na kwenda maili 30 mpaka tamati, T. Maili ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo ni ndefu kuliko ile ya barabarani. Nyuzi za majira huhesabiwa kuanzia kaskazini, kwa kuzunguka kama mshale wa saa, na huandikwa kwa tarakimu tatu: mashariki ni 090, kusini 180, magharibi 270. Kwa hiyo 130 ni kusini-mashariki iliyoegemea mashariki kidogo, na 060 ni upande wa kaskazini-mashariki. Kote huko ni bahari tupu. Kisiwa cha Pemba kiko mbali, kusini zaidi.

Sasa pembe iliyoko G. Mtu mwenye haraka hutoa 60 katika 130, akapata 70, akaiingiza kwenye hesabu. Lakini 70 ni kiasi ambacho meli imegeuka, yaani pembe kati ya njia mpya na ile njia ambayo meli ingeifuata kama isingegeuka. Pembe tunayoitaka ni ya ndani ya pembetatu, kati ya njia mpya na njia iliyokwisha kupitwa. Namna salama ya kuipata ni kujiweka mwenyewe pale G, juu ya sitaha, na kutazama pande zote mbili. Ukitazama nyuma, kupita tezi, unaiona Mombasa katika mwelekeo ulio kinyume cha 130, nao ni 130 na 180, yaani 310. Ukitazama mbele unaiona T katika 060. Kutoka 310 mpaka kaskazini ni nyuzi 50, na kutoka kaskazini mpaka 060 ni nyuzi 60. Jumla ni 110, na hiyo ndiyo pembe ya pembetatu.

Kwa miaka niliyosahihisha madaftari ya hesabu, kosa hili la 70 badala ya 110 nimelikuta mara nyingi kuliko mengine yote kwa pamoja, na nadhani linatokana na mchoro. Mwanafunzi huchora mstari mmoja wa kaskazini pale mwanzoni, kisha akasahau kwamba kila kituo kinahitaji kaskazini yake. Nyuzi 060 za kipande cha pili hupimwa kutoka kaskazini iliyochorwa G, wala si kutoka M, wala si kutoka kwenye mstari wa njia ya kwanza. Mistari hiyo miwili ya kaskazini lazima iwe sambamba kabisa.

Pembe ikishapatikana, umbali hutolewa na kanuni ya kosini. Ukiuita umbali huo d, hesabu ni hii:

d² = 40² + 30² − 2 × 40 × 30 × cos 110°

Kosini ya nyuzi 110 ni hasi, −0.342, kwa sababu pembe imezidi nyuzi 90. Kwa hiyo kile kinachoonekana kutolewa kwa kweli kinaongezwa. Tunapata 2,500 na 821 hivi, jumla 3,321, na kipeo chake cha pili ni 57.6. Meli iko maili 57.6 kutoka Mombasa, ingawa imetembea maili 70.

Aliyetumia 70 angepata maili 41 tu. Anaweza kulibaini kosa lake bila kurudia hesabu. Kama meli ingegeuka kwa pembe mraba kamili, umbali ungekuwa maili 50 barabara, kwani 30, 40 na 50 ni pembetatu mraba inayojulikana tangu darasani. Meli yetu haikugeuka kwa ukali kiasi hicho. Iliendelea kwenda zake mashariki. Kwa hiyo lazima iwe mbali zaidi ya maili 50, na jibu lolote lililo chini ya hapo linajishtaki lenyewe.

Umbali pekee haumfikishi mtu nyumbani. Mwelekeo hupatikana kwa kutafuta pembe iliyoko M, kwa kanuni ya sini: zidisha 30 kwa sini ya nyuzi 110, ugawe kwa 57.6, upate 0.489, ambayo ni sini ya nyuzi 29.3. Kikokotoo hakitakuambia kwamba nyuzi 150.7 nazo zina sini hiyohiyo, lakini hilo halitusumbui hapa, kwa kuwa pembetatu yenye nyuzi 110 tayari haina nafasi ya pembe nyingine kubwa namna hiyo. Basi, ukisimama M, unaiona T kushoto kwa njia ya kwanza kwa nyuzi 29.3, yaani katika mwelekeo wa 130 kutoa 29.3, ambao ni 100.7. Hapa wapo wanaoweka kalamu chini wakidhani wamemaliza. Huo ni mwelekeo wa kwenda T kutoka Mombasa, ilhali nahodha yuko T na anataka kurudi. Ongeza 180: majira ya kurudi ni 280.7, au kwa usukani wa kawaida 281, magharibi iliyoegemea kaskazini kidogo.

Ipo njia ya pili, nami naipenda zaidi kwa sababu haihitaji kufikiria pembe ya ndani hata kidogo, na mabaharia wameitumia kwa karne nyingi kwa kusoma majedwali yaliyokwisha kupigiwa hesabu. Kila kipande cha safari hugawanywa katika mwendo wa kaskazini au kusini, na mwendo wa mashariki au magharibi. Kipande cha kwanza kilipeleka meli maili 25.7 kusini na 30.6 mashariki. Cha pili kiliirudisha maili 15 kaskazini na kuisogeza 26 zaidi mashariki. Ukijumlisha, meli iko maili 10.7 kusini na 56.6 mashariki ya mahali ilipoanzia, na ukitafuta upande mrefu wa pembetatu mraba ya namba hizo unapata 57.6 ileile. Majibu ya njia mbili yakikubaliana, mtu anaweza kulala.

Njia hii ina faida nyingine inayoihusu Mombasa hasa. Dakika moja ya latitudo, yaani sehemu ya sitini ya digrii, ni karibu sawa na maili moja ya baharini, popote duniani. Mombasa ikiwa karibu na nyuzi 4 na dakika 5 kusini ya ikweta, meli yetu iliyo maili 10.7 kusini zaidi iko karibu na nyuzi 4 na dakika 16, na nahodha anaweza kuitia alama kwenye ramani mara moja. Dakika za longitudo si hivyo: hufupika kadiri mtu anavyoiacha ikweta, na kwenye latitudo ya nyuzi 60 huwa nusu ya maili tu. Lakini kwenye nyuzi 4 upungufu haufiki hata sehemu moja katika mia, kwa hiyo maili 56.6 za mashariki ni dakika 57 hivi za longitudo. Kwa safari fupi kama hii, pwani yetu inamruhusu mtu kuichukulia bahari kama ubao ulionyooka. Safari ya maelfu ya maili ni habari nyingine. Huko mviringo wa dunia huingia katika hesabu.

Asiye na kikokotoo anaweza kuchora. Sentimita 1 ikiwa maili 5, kipande cha kwanza ni sentimita 8 na cha pili ni 6, na mstari wa kurudi utapimika kama sentimita 11.5. Kosa la milimita moja ya rula ni nusu maili ya bahari.

Yote haya yanachukulia kwamba maji yamesimama, nayo hayajasimama. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hupita mbele ya Mombasa ukielekea kaskazini mwaka mzima, na hushika nguvu zaidi wakati wa Kusi. Tuseme unakwenda maili 1 kwa saa, na meli inakwenda maili 8 kwa saa. Maili 70 za kwenda ni saa 8 na dakika 45, na kwa muda huo maji yameisukuma meli karibu maili 9 kaskazini bila dira kutikisika. Nahodha anadhani yuko maili 10.7 kusini ya usawa wa Mombasa, kumbe yuko maili 2 tu. Akishika 281 yake na kuiamini, mkondo utaendelea kumbeba kwa saa 7 nyingine, naye ataikuta pwani kati ya Mtwapa na Kilifi, akitazamana na mwamba mahali pasipo na lango alilolitarajia.

Anayeujua mkondo hufanya hesabu mara mbili. Kwanza husahihisha mahali alipo: maili 2 kusini na 56.6 mashariki, ambako Mombasa inaonekana katika 272. Kisha huielekeza omo kusini ya hapo ili kufidia kusukumwa atakakosukumwa njiani. Mkondo wa maili 1 dhidi ya mwendo wa maili 8 unadai nyuzi 7 hivi. Atashika majira ya 265. Omo itatazama kusini kidogo ya magharibi, Mombasa itakuwa kaskazini kidogo ya magharibi, na meli itakwenda ubavuubavu hivyo kwa saa 7 mpaka mbele ya Kilindini.