Grafu ya mabaki: kukagua kama mstari wa regresheni unafaa

Ukishachora mstari wa regresheni kupitia data yako, kila nukta inabaki na umbali wake kutoka kwenye mstari. Umbali huo, yaani thamani uliyopima ukitoa thamani ambayo mstari ulikadiria, ndio tunaouita mabaki. Shamba lililotoa magunia 18 huku mstari ukikadiria 16.2 lina mabaki ya +1.8. Grafu ya mabaki huweka makadirio kwenye mhimili wa chini na mabaki kwenye mhimili wa kusimama, na sifuri ikachorwa kama mstari mlalo katikati. Mstari ukiwa unafaa, nukta hutapakaa juu na chini ya sifuri bila mpangilio. Ukiona umbo lolote pale, kuna kitu kwenye data ambacho mstari haujakieleza.

Tuchukue mashamba matano ya mahindi upande wa Bungoma. Namba ni za kutungwa ili hesabu iwe rahisi kufuata, na kwa kazi halisi mashamba matano hayatoshi. Mbolea ya kupandia ni kilo kwa ekari, kwa hatua za nusu mfuko wa kilo 50. Mavuno ni magunia ya kilo 90 kwa ekari.

```r
mbolea  <- c(0, 25, 50, 75, 100)
magunia <- c(8, 14, 18, 20, 21)
m <- lm(magunia ~ mbolea)
plot(fitted(m), resid(m))
abline(h = 0)
```

Mstari unaotoka unaanza kwenye magunia 9.8 na kupanda magunia 3.2 kwa kila nusu mfuko. R² ni 0.91, na wengi wakiiona namba hiyo hufunga kompyuta. Hebu soma mabaki kwanza, kutoka shamba lisilo na mbolea hadi la kilo 100: −1.8, +1.0, +1.8, +0.6, −1.6. Hasi iko miisho yote miwili na chanya katikati. Hilo ni umbo la upinde, na upinde ni dalili kwamba uhusiano haujanyooka.

Sababu iko shambani. Nusu mfuko wa kwanza uliongeza magunia sita, na wa mwisho uliongeza gunia moja tu, kwa kuwa mahindi yakishapata fosforasi ya kutosha hukwamishwa na mambo mengine. Mstari hauwezi kujua hilo. Ukiuuliza kuhusu kilo 150 utakuahidi magunia 29, na mkulima akinunua mbolea kwa ahadi hiyo atapata hasara. R² haikudanganya, ila inajibu swali jingine: inapima ni kiasi gani cha tofauti za mavuno mstari umechukua, haisemi kama umbo lenyewe ni sahihi.

Dawa yake ni kuongeza mraba wa mbolea kwenye modeli:

```r
m2 <- lm(magunia ~ mbolea + I(mbolea^2))
```

Hapo mabaki yote yanashuka chini ya gunia 0.3 na upinde unatoweka. Chora grafu upya kila unapobadilisha modeli, maana ile ya zamani haihusu modeli mpya.

Umbo la pili ni faneli: mabaki yamebanana upande wa kushoto, kisha yanapanuka kadiri makadirio yanavyokua. Kwenye data ya mavuno hili hujitokeza sana. Mashamba yanayokadiriwa magunia matano hukosea kwa gunia moja hivi, na yanayokadiriwa 25 hukosea kwa matano au sita, kwa sababu shamba lenye uwezo mkubwa ndilo lenye mengi ya kupoteza mvua ikikatika au gugu la kayongo likivamia. Faneli haipindishi mteremko wenyewe. Kinachoharibika ni kipimo cha shaka: kosa sanifu linakokotolewa kana kwamba mtawanyiko ni ule ule kote, kwa hiyo masafa ya utabiri yanakuwa mapana mno kwa mashamba yenye makadirio madogo na membamba mno kwa yale yenye makadirio makubwa. Mara nyingi kuchukua logi ya mavuno kunatosha, mradi hakuna shamba lenye sifuri. Vinginevyo tumia makosa sanifu yanayostahimili mtawanyiko usio sawa, au upe uzito mdogo nukta zinazoyumba zaidi.

Lakini hapa jicho hudanganyika kirahisi. Wakulima wengi hununua mfuko mmoja mzima, basi nukta hurundikana penye kilo 50 na kuwa chache pengine. Palipo na nukta 40, ya juu kabisa na ya chini kabisa zitaachana zaidi kuliko palipo na tano, hata kama mtawanyiko ni ule ule. Usipime upana kwa nukta za pembeni. Gawa makadirio katika makundi matatu au manne, kisha linganisha mkengeuko sanifu wa mabaki ya kila kundi.

Tatizo la tatu ndilo linalojificha zaidi. Ongeza shamba la sita kwenye yale matano: kilo 250 za mbolea, magunia 20. Mteremko unaporomoka kutoka magunia 3.2 kwa nusu mfuko hadi 0.9. Shamba moja limebadilisha jibu lote. Sasa litafute kwa kuangalia mabaki makubwa, na hutalipata: mabaki yake ni −2.9, wakati shamba lisilo na mbolea sasa lina −5.8. Nukta iliyo mbali peke yake kwenye mhimili wa mbolea huuvuta mstari hadi karibu yake, kama mtoto mzito aliyekaa mwisho kabisa wa ubao wa bembea, na kwa kuuvuta hivyo hujipunguzia mabaki. Wanaoonekana wakosaji ni majirani wasio na hatia.

Kwa hiyo mabaki peke yake hayatoshi. Mwaka 1977 mwanatakwimu Dennis Cook alipendekeza kipimo kinachounganisha ukubwa wa mabaki na nguvu ya nukta kuvuta mstari, yaani kinachoonyesha makadirio yote yangehama kiasi gani nukta hiyo ikiondolewa:

```r
m6 <- lm(c(magunia, 20) ~ c(mbolea, 250))
cooks.distance(m6)
hatvalues(m6)
```

Nukta yenye umbali wa Cook unaozidi 1 inastahili kuchunguzwa. Shamba la sita lina 11.3, na lile lisilo na mbolea lina 0.7 tu. `hatvalues` inaonyesha nguvu ya kuvuta, ambayo haivuki 1, na shamba hilo lina 0.87.

Kuchunguza si kufuta. Rudi kwenye fomu ya shambani. Kilo 250 kwa ekari ni mifuko mitano, kiasi ambacho mkulima mdogo hawezi kukitumia kwa kupandia tu. Hektari moja ni ekari 2.47, na 250 ukigawanya kwa 2.47 unapata 101. Karani aliandika kilo kwa hektari ilhali wenzake waliandika kwa ekari. Ukirekebisha, shamba linatua kando ya lile la kilo 100 lililotoa magunia 21, na mteremko wa mstari ulionyooka unarudi hadi 2.9. Upinde bado upo, basi modeli ya mraba ndiyo inayofaa. Kama fomu ingethibitisha kwamba mkulima kweli alimwaga mifuko mitano, shamba lingebaki kwenye data, na ripoti ingetoa matokeo mawili, likiwemo na lisipokuwemo, yakiwa bega kwa bega.