Karai la mafuta likiwaka, usilimwagie maji

Wiki hii, nikiwafundisha wakaanga samaki hapa Kisumu, nimeulizwa tena: "Lakini mwalimu, si maji ndiyo huzima moto?" Huzima kuni. Huzima godoro. Karai la mafuta yanayowaka ukilimwagia maji, moto unakurukia usoni, na nimechoka kuona mikono iliyobabuka kwa ajili ya imani hii.

Pembetatu ya moto mnaijua: kitu cha kuungua, oksijeni na joto. Ondoa kimoja, moto unakufa. Kuni ukizimwagia maji, yanafyonza joto palepale linapotoka. Hapo sina ugomvi.

Sasa njoo kwenye karai. Mbuta hukaangwa kwa mafuta ya nyuzijoto kama 180. Mpishi akiliacha akahudumie wateja, mafuta yanaanza kufuka moshi, na yakifika karibu nyuzi 350 yanajiwakia yenyewe, bila cheche. Kinachowaka ni mvuke wa mafuta, ule ulio juu yake. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama, yanakutana na joto lile na kugeuka mvuke papo hapo. Kikombe kimoja, robo lita tu, kinatoa mvuke wa kujaza mapipa mawili ya lita 200. Mvuke huo unapasua mafuta na kuyarusha juu yakiwa matone madogo madogo, kila tone limezungukwa na hewa. Ulitaka kuondoa joto, kumbe umeyapelekea mafuta oksijeni.

Cha kuondoa hapa ni hewa. Chukua kifuniko cha sufuria kipana kuliko karai, kitelezeshe kuanzia upande wako kwenda mbele, kizibe mdomo wote. Hewa ina oksijeni asilimia 21, na ikishuka hadi kama 15 ndimi nyingi hufa. Usilibebe karai kulitoa nje. Gesi ifunge. Jiko la makaa lizibe mlango wa chini, makaa nayo yakose pumzi.

Halafu usifunue! Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu mtu amefanya kila kitu sawasawa, kisha baada ya dakika mbili anachungulia. Ndimi zimezimika, lakini joto bado limo, mvuke bado umo, na wewe unairudisha hewa iliyokosekana. Moto unaibuka upya, na safari hii uso wako uko juu yake. Subiri karai lipoe kabisa. Juu ya makaa, hiyo yaweza kuwa saa nzima au zaidi.

Nikiri kwamba pembetatu yenyewe hainitoshi. Poda ya kizimamoto huua ndimi huku mafuta, hewa na joto vyote vipo, kwa kuwa inakatiza mfululizo wa kemikali ndani ya mwali, na ndiyo maana wengi wetu huongeza upande wa nne. Ila poda haipoozi mafuta. Karai lililozimwa kwa poda huweza kuwaka tena mbele ya macho yako, kwa hiyo hata ukiwa na mtungi, kifuniko kiwe karibu.