Je, Wajua? Kiti Kimoja Kinavyoweza Kuubeba Ubeti Mzima

Kwa nini ubeti wenye picha nyingi hausomeki, na ule unaosema kila kitu waziwazi hauna ladha? Mtunzi afanyeje?

Picha huonyesha jambo lilivyo, lakini haisemi ni jambo gani. Usemi wa wazi hulitaja jambo lakini hauonyeshi kitu. Ndiyo maana ubeti ukiegemea upande mmoja tu huyumba. Tazama ubeti huu wa tarbia nilioutunga makusudi uwe mbaya:

Jua lazama motoni, ndege mbawa zavunjika,
Mto walia mwituni, nyota nazo zazimika,
Upepo wa mlimani, wimbo wangu wakatika,
Bahari i kifuani, na mawimbi yafurika.

Mizani ni nane kwa nane, na vina havijapotea. Lakini nini kimetokea? Huenda kuna msiba, huenda mtu kaachwa, huenda kafilisika. Jua, ndege, mto, nyota, upepo na bahari vyote vimeitwa kwa mara moja na hakuna kinachomsaidia mwenzake. Msomaji akikipata kimoja, kingine kishamtoa hapo.

Aliyeambiwa kwamba haeleweki mara nyingi hukimbilia ng'ambo ya pili:

Baba katoka nyumbani, mwaka sasa umefika,
Nina huzuni moyoni, na tena nasikitika,
Upweke u maishani, faraja imenitoka,
Namkumbuka jamani, kila siku namtaka.

Hapa tunajua kila kitu na hatuoni chochote. Huzuni, kusikitika, upweke na kukosa faraja ni majina manne ya jambo lilelile. Angalia pia lile "jamani" la mstari wa mwisho. Halipo kwa sababu ya uchungu. Lipo kwa sababu mizani ilipungua na kina cha kati kilidai "ni". Mimi huyaita maneno ya kujazia kibaba, na ubeti unaoeleza mno huwa nayo tele, maana maelezo yakishakwisha nafasi bado hubaki.

Sasa tuuchukue mstari wa kwanza wa ubeti huo, ulio wazi kabisa, tuuache ulivyo. Halafu mistari mitatu iliyobaki tuikabidhi kwa kitu kimoja tu:

Baba katoka nyumbani, mwaka sasa umefika,
Kiti chake sebuleni, vumbi limekifunika,
Mama hupita pembeni, kitambaa kakishika,
Hufuta vyote vya ndani, ila hicho hukiruka.

Neno huzuni halimo, na halihitajiki. Mama ana kitambaa mkononi, anafuta vumbi chumba kizima, anafika kwenye kile kiti na kukiacha. Jaribu kuuziba mstari wa kwanza kwa kidole usome mitatu iliyobaki: mama anageuka mtu mvivu anayesahau kufuta kiti. Mstari ule wa wazi ndio unaolipa vumbi maana yake. Sasa fanya kinyume, ubadilishe mstari wa mwisho uwe hivi:

Ni dalili ya huzuni, baba anakumbukika.

Mizani imetimia, lakini mama katoweka. Msomaji alikuwa njiani kufika mwenyewe, mtunzi akamwahi mlangoni na jibu. Mstari wa namna hii hujulikana kwa jambo moja: ukiuondoa, hakuna habari inayopotea.

Je, mama anakiruka kiti kwa mapenzi au kwa hasira? Baba kafariki au kaondoka zake? Ubeti haukusema, na hilo si kosa. Kosa ni msomaji kutojua kilichotokea hata kidogo. Akishajua kwamba baba hayupo na mwaka umepita, ana pa kusimama, na swali la kwa nini mama anafanya vile linaweza kubaki naye.

Mstari wa wazi si lazima uwe wa kwanza. Ukiwekwa mwishoni, picha hutangulia kama kitendawili na jibu huja baadaye. Hilo lina nguvu mara moja tu, kwa kuwa katika usomaji wa pili jibu linajulikana. Uangalifu zaidi unahitajika kwenye shairi lenye kibwagizo. Ukiyaweka maelezo hapo, utakuwa unaeleza upya kila ubeti, na kufikia ubeti wa nne hakuna asiyechoka. Ni afadhali kibwagizo kibebe picha, kama vile "ila hicho hukiruka", ili kila ubeti unaotangulia ukipe sababu nyingine.

Shairi la fumbo, linalotungwa ili wengine wafumbuliwe na wengine wafumbwe, halipimwi kwa kipimo hiki. Huko kuficha ndiko kusudi lenyewe. Hata hivyo, mfumbaji hodari naye hushika picha moja. Mwenye picha sita katika mistari minne kwa kawaida hafichi kitu. Bado hajaamua anataka kusema nini.