“Alitupa mchele”: maana mbili zinavyoishi katika sentensi moja

Kila Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, inapokaribia, dawati letu hapa Nairobi hupokea mashairi na vichekesho vingi vya kushindaniwa. Mwaka huu malalamiko nayo yameongezeka. Watunzi wanauliza kwa nini kazi zao zimerudishwa ilhali “zina maana mbili”. Jibu letu limekuwa lile lile kwa wengi, hivyo ni afadhali tulieleze hadharani.

Karibu wote wametumia vitawe vile vya darasa la sita: kaa, paa, panda, tembo. Wanadhani neno likiwa na maana mbili kwenye kamusi, mchezo umekwisha kuchezeka. Sivyo. Neno lenye maana mbili likiingia katika sentensi, mara nyingi hubaki na moja tu, kwa sababu maneno ya jirani huiua ile nyingine. Kazi ya mtunzi ni kuzilinda zote mbili mpaka msikilizaji afike mwisho.

Chukua sentensi ambayo kila mwalimu wa Kiswahili anaijua kwa utata wake: “Alitupa mchele.” Kuna aliyerusha mchele, na kuna aliyetupatia sisi mchele. Katika maana ya kwanza kitenzi ni tupa. Katika ya pili kitenzi ni pa, na tu ni sisi tuliopewa. Mkazo hauwezi kuzitenganisha, maana Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa silabi hiyo ni tu katika maana zote mbili. Wakati nao hauzitenganishi: anatupa, atatupa, hata hakutupa, zote zina utata ule ule.

Lakini badilisha nafsi, na mambo yanavunjika. “Alinipa” ni kupewa tu. “Alinitupa” ni kutupwa tu. Ukiigeuza iwe kauli ya kutendwa, itakubidi uchague kati ya “tulipewa mchele” na “mchele ulitupwa”. Kwa hiyo fumbo hili linaishi mahali pamoja tu: wapokeaji wawe sisi, na kitenzi kibaki katika kauli ya kutenda. Mtunzi asiyejua hilo atalivunja fumbo lake mwenyewe akidhani anapamba lugha.

Nimetunga ubeti huu wa tarbia ili tuone linavyofanya kazi:

Alikuja na ahadi, barazani tukafika,
Akazidisha idadi, makofi yakasikika,
Tukangoja kwa juhudi, mikono ikainuka,
Alitupa makusudi, mchele uliochoka.

Hesabu mizani: nane kwa nane katika kila mshororo, vina vya kati di, vya mwisho ka. Sasa angalia mshororo wa tatu, kwa sababu ndio uliobeba mzigo. Mikono huinuka kupokea, na mikono huinuka kudaka au kujikinga na kinachorushwa. Msikilizaji akifika kwenye “alitupa” hana sababu ya kuchagua. Neno “makusudi” nalo linakaa vizuri pande zote mbili: alitupatia kwa kudhamiria, au alirusha kwa kudhamiria. Mheshimiwa aliyekuja na ahadi anaweza kulisikia kama sifa kwa mkono wake mwepesi, nasi wa nyuma tukasikia tumerushiwa mchele wa zamani kama kuku.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na “mchele ukamwagika” mwishoni. Mizani ilitosha na kina kilitimia, lakini mchele ukimwagika, maana ya kupewa imekufa. Kosa hili ndilo tunalolikuta zaidi kuliko yote: mtunzi anaogopa fumbo lisieleweke, anaongeza neno moja la kulifafanua, na neno hilo ndilo linalolizika.

Sasa turudi kwa kaa, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Kaa wa baharini yuko katika ngeli ya A-WA, kaa la moto liko katika LI-YA. Ukisema “kaa amemwumiza” umeshataja mnyama. Ukisema “kaa limemwumiza” umeshataja moto. Upatanisho wa kisarufi ni mkali kuliko mwamuzi yeyote. Ukitaka utata, mweke kaa mahali ambapo hakuna kinachopatana naye: “Juma alikanyaga kaa akaruka.” Usiongeze huyu, hili, mkubwa, wala kubwa. Hapo sentensi inasimama.

Mtunzi mmoja ametuandikia kwamba huku mitaani “hiyo kaa” inatosha kwa yote mawili. Ni kweli, na hatulipuuzi. Kiswahili cha Nairobi kimelegeza upatanisho, hivyo mzaha usiowezekana katika Kiswahili sanifu unawezekana Gikomba. Zaidi ya hayo Sheng ina kaa ya tatu, ile ya “kama”, nayo hucheza na kitenzi cha kukaa. Tunachoomba ni kitu kimoja: kazi iwe katika lugha moja tangu mwanzo. Ukianza kwa sanifu ukateleza kwenda mtaani kwenye neno la fumbo tu, msomaji ataona kosa la ngeli kabla hajaona mzaha.

Kwa watakaoghani Mombasa kuna tahadhari nyingine. Katika Kimvita, kaa wa baharini hutamkwa kwa mpumuo, yaani pumzi ikisukumwa nje kwa nguvu; kaa la moto bila mpumuo. Vivyo hivyo paa mnyama na paa la nyumba. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo na Nairobi wengi hawaitamki. Fumbo linalopita kwenye karatasi linaweza kufa mdomoni mbele ya mzee wa Mji wa Kale. “Alitupa” haina shida hiyo.

Utaratibu wetu ni huu. Kila kazi husomwa na wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, na kila mmoja huandika maana alizoziona kabla ya kuzungumza na mwenzake. Wote wakiona maana moja tu, kazi hurudishwa pamoja na karatasi zao. Mmoja akiona mbili na mwenzake moja, msomaji wa tatu huitwa. Mizani ikivunjika katika mshororo wenye fumbo, alama hupunguzwa. Ikivunjika kwingine, mtunzi huombwa kurekebisha mara moja.

Kuna kundi ambalo haliombwi kurekebisha. Ni vichekesho vinavyocheka matamshi ya kabila fulani, au vinavyoficha tusi la kikabila ndani ya neno lenye maana nyingine safi. Wenye kazi hizo wamelalamika sana kwamba walimaanisha ile maana safi. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, kifungu cha 13, haitazami nia pekee. Inatazama pia kama maneno ya vitisho au matusi, kwa mazingira yalimotolewa, yanaelekea kuchochea chuki ya kikabila. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Aliyejenga maana mbili kwa ustadi hawezi kudai kwamba hakuijua ya pili.

Waliorudishiwa kazi kwa sababu ya fumbo kufa wanaweza kuzileta tena. Nyuma ya karatasi andika sentensi yenye fumbo mara mbili, kila mara kwa maana moja, kisha pigia mstari kila neno ambalo lisingeweza kubaki katika maana zote mbili. Ukipata hata neno moja la namna hiyo, anzia hapo kurekebisha.