Boflo halina kosa, hesabu ya siku nzima ndo ilokuwa mbovu

Kijana mmoja winga wa kushoto, anafanya mazoezi Maisara kila siku baada ya Alasiri, alinijia analalamika. "Dada, boflo nshaliacha mwezi mzima, asubuhi nakula kiazi kitamu tu kwa sababu ji-ai yake ndogo, yaani hakipandishi sukari ya damu upesi, na nikimaliza mazoezi tende nazila kabla jasho halijakauka. Lakini ikifika Jumatano miguu mizito, sikimbii." Nikamwambia aniandikie kila anachotia mdomoni kwa siku tatu, na sahani ya wali aipime kwenye mizani, asikadirie kwa jicho.

Alivoleta daftari mie nilicheka kidogo. Asubuhi kiazi kimoja na chai kavu, wanga kama gramu 26. Mchana wali gramu 200, hapo ni 56 hivi. Baada ya mazoezi tende tatu na ndizi mbivu, 45. Usiku samaki wa kuchoma, kachumbari na nusu chapati, 20. Jumla 147, na mtu mwenyewe ana kilo 68 na anakimbia saa moja na nusu kila siku! Kwa mazoezi ya namna hiyo mie naanzia gramu 5 kwa kila kilo ya mwili, yaani 340. Alikuwa hafiki hata nusu, halafu anahangaika na dakika za kula tende.

Wanga unaokula, misuli inauweka akiba kwa jina la glaikojeni, na ukikimbia sana akiba ile inashuka. Kuijaza upya ni kazi ya polepole, ikiwa imekwisha kabisa inachukua kama siku nzima hata ukila vizuri. Ni kweli kwamba masaa ya mwanzo baada ya mazoezi misuli inavuta sukari kwa haraka zaidi, hapo watu wa jimu hawajadanganya, ila wanachosahau ni kwamba aliyechelewa masaa mawili lakini akala kiasi kilekile mpaka kesho yake huwa kashamfikia mwenzake. Kijana wangu mazoezi yake yanayofuata ni kesho Alasiri, anawahi nini? Na usipoweka vya kutosha kila siku deni linalimbikizana, ndo maana Jumamosi alikuwa mzima na Jumatano miguu inagoma, hiyo ni dalili naitafuta kwanza kabla sijauliza alikula saa ngapi.

Sasa hiyo ji-ai, yaani glaisemiki indeksi. Ilitoka Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1981, kwa akina David Jenkins, na walikuwa wanawafikiria wagonjwa wa kisukari, si mawinga. Wanampa mtu chakula chenye gramu 50 za wanga, peke yake, tumbo tupu, wanapima sukari ya damu masaa mawili, wanalinganisha na glukosi ambayo ni 100. Lakini nani hapa Unguja anakula wali mkavu tumbo tupu? Ukishautia mchuzi wa nazi na kipande cha samaki, mafuta na protini zinachelewesha chakula kutoka tumboni na ile namba ya kwenye jedwali haikuhusu tena. Mwenye kisukari hilo ni jambo jengine, aje tuzungumze peke yetu.

Basi tukarudisha boflo. Asubuhi maboflo mawili madogo, kiazi chake kile, chai na vijiko viwili vya sukari, 96. Wali wa mchana ukawa gramu 350, kama 98. Tende na ndizi hatukuzigusa, 45. Usiku chapati mbili na maharage kidogo, 100. Jumla 339, na wiki ya pili Jumatano akakimbia.

Saa inakuwa na maana pale mapumziko yakiwa chini ya masaa manane. Alikuwa na bonanza, mechi ya kwanza inaisha saa 3 asubuhi, ya pili saa 10 jioni. Hapo nikamwambia gramu 1 kwa kila kilo kila saa, kwa masaa manne ya mwanzo, kwa hiyo kama 68 kila saa, maboflo mawili na chai ya sukari inatosha kwa saa moja, kisha wali mweupe, ndizi, juisi. Na siku hiyo tunataka hasa vile vya ji-ai kubwa, laini, visivyo na mafuta wala makapi mengi, viingie upesi tumbo libaki jepesi.

Wali akala, ila na bakuli zima la maharage ya nazi juu yake, ati yalikuwa yananukia. Dakika ya thelathini ya mechi ya pili kashika tumbo, anamwashiria kocha atolewe.