Mshahara wa mwezi mmoja haununui kila notisi

"Si mwajiri akikulipa mwezi mmoja badala ya notisi, anaweza kukutoa leo leo?"

Hapana, nafasi ya kazi inapoondolewa haiwi hivyo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kina notisi mbili. Ya kwanza ni ya kusudio: humfikia mfanyakazi asiye na chama kwa maandishi, na afisa wa leba pia, angalau mwezi mmoja kabla. Hiyo hailipiwi, kwa kuwa mwezi huo ni wa mashauriano. Ya pili, ya kumaliza ajira, ndiyo inayoweza kulipiwa.

Kwa hiyo baruapepe ya kwanza isiseme "umeachishwa". Kwa mfano, Mei 28:

"Tunakusudia kufunga bohari la Barabara ya Mombasa, na nafasi yako ya karani huenda ikaondolewa Julai 31. Si kwa kosa lako. Tukutane Jumatano utupe maoni yako kabla hatujaamua. Ikibidi, utalipwa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia: miaka 7, mshahara 60,000, mwezi wa siku 30, ni shilingi 210,000, pamoja na likizo uliyobakiza. Utapewa cheti cha utumishi na ruhusa ya kwenda usaili."

Miezi ya ziada juu ya hiyo miaka 7 sheria haiihesabu. Mwajiri muungwana huilipa.