Kwa nini betri za titaneti ya lithiamu hudumu miaka mingi lakini hubeba umeme kidogo

Nahodha mmoja wa boti ya dagaa kutoka Mkoani alituletea sanduku lake la betri akiamini kwamba ameuziwa seli mbovu. Sanduku hilo huchukua kilo 12 za seli. Zamani lilikuwa na seli za grafaiti, na taa zake za wati 150 ziliwaka kutoka magharibi hadi alfajiri. Baada ya kutia seli za titaneti, alizoambiwa kuwa "hazifi", taa zikawa zinazimika usiku wa manane. Tulizipima, tukaona ni nzima kabisa. Seli zake za zamani zilibeba takriban wati-saa 150 kwa kila kilo, yaani 1,800 kwa sanduku zima, ambazo ni saa 12 za taa. Hizi mpya hubeba kiasi cha wati-saa 75 kwa kilo, yaani 900, nazo ni saa sita.

Sifa aliyoahidiwa na upungufu aliouona vina asili moja, nayo imo katika upande hasi wa seli. Kila kitu kinachopokea lithiamu hufanya hivyo kwa kima chake cha volti, kinachopimwa kwa kulinganishwa na metali ya lithiamu yenyewe. Grafaiti hupokea lithiamu kwenye volti 0.1 hivi, na titaneti ya lithiamu, ambayo kemia yake huandikwa Li4Ti5O12, huipokea kwenye volti 1.55.

Volti ya seli ni tofauti baina ya upande chanya na upande hasi. Tuchukue upande chanya wenye wastani wa volti 3.8: ukikutanishwa na grafaiti hutoa volti 3.7, na ukikutanishwa na titaneti hutoa volti 2.3 tu au chini yake kidogo. Hasara ya pili ni uzito, kwani gramu moja ya grafaiti huweza kuhifadhi hadi miliampea-saa 372, lakini ya titaneti huishia 175. Kwa hiyo ili kupata ampea-saa moja tunahitaji gramu 6 hivi za upande chanya, na kwa upande hasi gramu 3 za grafaiti au gramu 6 za titaneti. Seli ya kwanza hutoa wati-saa 3.7 kwa gramu 9, na ya pili wati-saa 2.3 kwa gramu 12. Kwa uzito ule ule, ya pili haifiki hata nusu.

Sasa tutazame kinacholipwa kwa hasara hiyo. Kwenye kima cha chini kama cha grafaiti, elektroliti, yaani maji ya kemikali yaliyomo ndani ya seli, haiwezi kustahimili. Huvunjika na kuacha utando juu ya grafaiti, mfano wa ukoga kwenye meno. Utando huo una faida, kwa sababu huzuia elektroliti isiendelee kuvunjika, ila umeundwa kwa lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Grafaiti nayo imepangwa kama mikeka iliyolazwa mmoja juu ya mwengine, na lithiamu inapoingia kati yake hutanuka kwa takriban asilimia 10, kisha husinyaa inapotoka. Kila safari utando hupasuka mahali fulani, hujiziba, na hula lithiamu nyengine kidogo. Ukitia chaji kwa kasi mno, lithiamu hushindwa kuingia upesi na hujipaka juu ya grafaiti ikiwa metali, kwa kuwa kima cha 0.1 kiko karibu mno na sifuri.

Titaneti iko mbali na mambo haya mawili. Kwenye volti 1.55 elektroliti haisumbuliwi sana, na metali ya lithiamu haina nafasi ya kujipaka. Muundo wake nao ni kama kiunzi kilichofungwa pande zote, na lithiamu hupata nafasi ndani yake bila kukisukuma: badiliko la ujazo halifiki asilimia moja. Ndiyo maana seli hizi hutajwa kuvuka mara 10,000 za kujazwa na kutumiwa, pale ambapo nyingi za grafaiti huhesabiwa kwa maelfu machache.

Hata hivyo si kweli kwamba hazifi. Katika joto kali, hasa seli ikiachwa imejaa, uso wa titaneti huchokoza elektroliti na gesi hutoka. Seli yenye mfuko laini huvimba, na hiyo ndiyo dalili ya kuangaliwa kwanza. Chaja nayo ihesabiwe upya, kwani kikomo cha seli moja ni volti 2.8 hivi, na chaja iliyopangiwa seli za grafaiti itaiharibu.

Nahodha wetu huchaji mara moja kwa siku, na mara 10,000 kwa mwendo huo ni miaka 27, ambayo boti yenyewe huenda isiifikie. Tulimshauri arudishe grafaiti, na seli zile azitie dukani kwake, ambako uzito si taabu.